Jina la nani linaingia kwenye makala? Kuandaa taarifa ya michango kabla ugomvi haujaanza

Makala ya utafiti yenye majina tisa huwa na maswali mawili ambayo watu hunong'onezana korido lakini hawayaulizi kikaoni. La kwanza: kati ya hao tisa, nani hakugusa kazi? La pili: nani aliifanya kazi na jina lake halimo? Wa kwanza amepewa jina la zawadi. Wa pili ni mwandishi kivuli. Mara nyingi wote wawili wamo katika makala moja, kwa sababu timu inayogawa majina kwa kufuata vyeo humkumbuka mkuu wa idara na kumsahau muuguzi aliyezunguka vituoni miezi sita.

Nitaongea zaidi kuhusu utafiti wa afya, maana huko ndiko masharti ya uandishi yalikoandikwa waziwazi zaidi, na nitatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Timu imepima upungufu wa damu kwa wajawazito katika vituo vitatu vya afya vya wilaya moja. Mwanafunzi wa uzamivu ndiye anayeandika. Rasimu ya kwanza ina majina haya: mwanafunzi mwenyewe, msimamizi wake, profesa mshirika kutoka ng'ambo aliyeleta fedha, mtakwimu, mkuu wa idara na Mganga Mkuu wa Wilaya. Kwenye shukrani wamo muuguzi aliyeratibu kazi ya uwandani, fundi sanifu wa maabara, na wadadisi "kwa ujumla wao". Yupo pia mtu wa kumi ambaye hatajwi popote, na huyo tutamfikia.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike majina

Chukua karatasi au faili la kawaida lenye safu tatu. Safu ya kushoto orodhesha kazi zote ambazo bila hizo makala isingekuwepo: nani alileta swali la utafiti, nani aliandika itifaki, nani alikokotoa ukubwa wa sampuli, nani alitengeneza dodoso, nani aliwafundisha wadadisi, nani alisafisha data, nani alichambua, nani alitafsiri matokeo, nani aliandika rasimu, nani aliikosoa. Safu ya kati iache wazi kwa ajili ya majina. Safu ya kulia iite "ushahidi".

Mpangilio huu una sababu yake. Ukianza na majina, akili itatafuta kazi ya kumpa kila mmoja, na itaipata tu, hata kama ni "alitoa ushauri". Ukianza na kazi, kila kazi inamtafuta mwenyewe, na asiye na kazi anabaki nje bila mtu yeyote kumtoa.

Safu ya ushahidi haina makuu. Unaweka muhtasari wa kikao, toleo la itifaki lenye tarehe, baruapepe iliyoambatanishwa na faili la uchambuzi, au rasimu yenye maoni pembeni. Siku ya kikao cha kwanza inaonekana kama urasimu. Miaka miwili baadaye, watu wakiwa wamehamia kazi nyingine, ndiyo kitu pekee kitakachokuwa kinakumbuka.

Jedwali hili lianze wakati wa itifaki, kisha lifanyiwe marekebisho kila kazi kubwa inapokamilika. Timu nyingi hulijaza usiku wa kutuma makala kwa sababu mfumo wa jarida umegoma kuendelea bila hilo. Ndipo mwanafunzi anapokaa peke yake na kuwagawia wakubwa wake kazi za kufikirika.

Hatua ya 2: Mpitishe kila mmoja kwenye masharti manne

Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE, ilianzia Vancouver mwaka 1978, na majarida mengi ya afya hufuata masharti yake. Mwandishi ni mtu aliyetimiza yote manne. Kwanza, amechangia kwa kiasi kikubwa katika wazo au muundo wa utafiti, au katika kupata data, au kuichambua, au kuitafsiri. Pili, ameandika rasimu au ameipitia na kuikosoa kwa undani wa maudhui. Tatu, ameidhinisha toleo la mwisho litakalochapishwa. Nne, amekubali kuwajibika kwa kazi yote, maana yake ni kwamba ukizuka utata kuhusu sehemu yoyote, atashiriki kuhakikisha umechunguzwa na kutatuliwa. Hili la nne liliongezwa mwaka 2013.

Angalia kwamba ndani ya sharti la kwanza kuna "au" nyingi, lakini kati ya sharti na sharti kuna "na". Hapo ndipo watu wengi huteleza. Aliyetafuta fedha peke yake hajafikia. Aliyesimamia idara kwa ujumla hajafikia. Aliyesahihisha lugha hajafikia. Hao wote wanastahili shukrani, tena kwa majina na kwa kazi walizofanya.

Sasa kuna ujanja mmoja unaostahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu unafanywa na watu wanaojiona wanafuata kanuni. Muuguzi mratibu katika mfano wetu amepata data. Sharti la kwanza amelitimiza. Lakini hakutumiwa rasimu hata mara moja. Basi mwandishi wa kwanza anasema: "Hajapitia rasimu, kwa hiyo hajatimiza sharti la pili, tumweke kwenye shukrani." Mwongozo wa ICMJE unalikataza hilo waziwazi: kila aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika kupitia, kuandika na kuidhinisha. Huwezi kumfungia mtu mlango kisha ukamlaumu kwa kutoingia.

Tufanye ilivyopasa. Muuguzi anatumiwa rasimu. Kiingereza cha makala kinamchosha, na siku zake zinaishia kliniki, kwa hiyo anajibu kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Anasema aya ya mapungufu imeacha jambo kubwa: katika kituo kimoja mashine ya kupimia wingi wa damu ilikuwa inatoa namba za juu kuliko kawaida wiki mbili za kwanza, yeye ndiye aliyegundua, akaomba ibadilishwe, na wanawake waliopimwa kabla ya hapo walirudiwa kupimwa isipokuwa wale ambao hawakurudi kliniki. Je, huko ni kuipitia makala kwa undani wa maudhui? Kwa maoni yangu ndiyo, na ni kwa undani kuliko maoni ya baadhi ya maprofesa wanaohamisha koma. Masharti hayasemi mchango uje kwa maandishi ya Kiingereza. Unachotakiwa kufanya ni kuuandika ujumbe ule, kuurudisha kwake athibitishe, kuubadilisha kuwa aya, kisha kumpitisha kwenye toleo la mwisho mkiwa pamoja kwa Kiswahili ili aidhinishe kitu anachokielewa. Weka tarehe kwenye safu ya ushahidi.

Wengine hupita haraka. Mwanafunzi na msimamizi wametimiza yote. Fundi sanifu alipima sampuli kwa kufuata utaratibu wa kila siku wa maabara; huyo ni wa shukrani, isipokuwa kama alibuni njia ya upimaji au alihusika kufasiri majibu, na njia ya kujua ni kumuuliza mwenyewe. Wadadisi ni wa shukrani pia, ila watajwe kwa majina kama wanaridhia, kwa sababu "wote waliosaidia kwa namna moja au nyingine" haimsaidii mtu anayeomba kazi mwakani.

Profesa wa ng'ambo ni kesi nzuri. Fedha peke yake hazimtoshi. Lakini muhtasari wa kikao cha muundo unaonyesha kwamba ndiye aliyependekeza wanawake wagawanywe kwa umri wa mimba kabla ya kulinganisha vituo, na pendekezo hilo ndilo lililobadilisha uchambuzi wote. Alipopata rasimu alipanga upya sehemu ya mjadala. Basi anaingia, kwa kazi hiyo wala si kwa hundi.

Hatua ya 3: Watafute vivuli

Watu wakisikia mwandishi kivuli humfikiria mtu wa kukodiwa anayemwandikia mwingine. Yupo, lakini si peke yake. Mwaka 2007 watafiti wa Denmark walichapisha uchunguzi wa majaribio 44 ya dawa yaliyoanzishwa na kampuni na kuidhinishwa na kamati za maadili za Copenhagen na Frederiksberg mwaka 1994 na 1995. Walilinganisha itifaki na makala zilizotoka, wakakuta dalili za waandishi vivuli katika majaribio 33. Katika 31 kati ya hayo, vivuli hao walikuwa watakwimu. Watu walioamua namba zichambuliwe vipi ndio waliokosekana kwenye orodha ya wanaojibu maswali kuhusu namba.

Kwa hiyo mtakwimu awe mtu wa kwanza kumwangalia. Ukisikia "tulimlipa, kwa hiyo tumemalizana," ujue kuna tatizo. Malipo hayahusiani na uandishi kwa upande wowote: hayampi mtu jina na hayamnyang'anyi. Kwenye mfano wetu mtakwimu alikokotoa sampuli, alichambua na kuandika aya ya mbinu za takwimu. Yumo tangu mwanzo, vizuri.

Mtu wa kumi ndiye kivuli chenyewe. Mradi ulimlipa mshauri wa uandishi ili makala itoke kabla ripoti ya mfadhili haijafika. Yeye ndiye aliyeandika utangulizi wote na nusu ya mjadala, tena alichagua ni matokeo yapi yatangulizwe. Mwanafunzi alipokea faili, akabadilisha mambo machache, na hakuna aliyemtaja mshauri kwa sababu kila mmoja alidhani ni siri ya kawaida ya kazi hiyo.

Kwa nini isiwe siri? Jaribio maarufu kwa jina la Study 329 linatosha kueleza. Lilihusu dawa ya paroksetini kwa vijana wenye sonona, na makala yake ilichapishwa mwaka 2001 ikiwa na waandishi 22. Rasimu ilikuwa imeandaliwa na mwandishi wa kitaalamu aliyelipwa kupitia kampuni ya dawa. Kwenye makala alishukuriwa tu kwa msaada wa uhariri. Makala ilisema dawa inafaa na inavumilika vizuri. Mwaka 2012 GSK, kampuni yenye dawa hiyo, ilikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani na kulipa dola bilioni 3 kwa jumla ya mashtaka, miongoni mwake kuitangaza dawa hiyo kwa walio chini ya miaka 18. Data zilipochambuliwa upya na watafiti wengine mwaka 2015, dawa haikuonekana kuzidi kidonge kitupu, na madhara, yakiwemo mawazo ya kujiua, yaliongezeka. Msomaji wa 2001 aliona majina 22 ya wataalamu wa hospitali na vyuo. Hakuona ni kalamu ya nani iliyochagua sentensi.

Mshauri wetu si mwovu, na mradi wetu hauuzi dawa. Hata hivyo msomaji ana haki ileile. Kuna njia mbili halali. Kama alishiriki kufasiri matokeo na yuko tayari kuidhinisha na kuwajibika, awe mwandishi. Kama hataki, au kazi yake ilikuwa kupanga maneno ya wengine tu, atajwe kwenye shukrani kwa jina, kwa alichofanya, na kwa aliyemlipa: "Fulani aliandaa rasimu ya utangulizi na sehemu ya mjadala; alilipwa na mradi." Njia ya tatu, ya kunyamaza, ndiyo iliyokatazwa. Kabla ya kumtaja yeyote kwenye shukrani pata ridhaa yake kwa maandishi, kwa sababu msomaji anaweza kuchukulia kwamba aliyeshukuriwa anaunga mkono hitimisho.

Kivuli huacha alama. Waandishi wanashindwa kujibu swali rahisi la mpitiaji kuhusu uchambuzi wao. Taarifa ya michango inaeleza nani alikusanya na nani alisimamia, lakini hakuna aliyetajwa kuandika rasimu. Au faili la Word, ukifungua sehemu ya sifa zake, linaonyesha jina la mtu au kampuni isiyo kwenye orodha. Wahariri wanaofuata miongozo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, hufundishwa kuangalia vitu hivyohivyo. Na kufuta jina kwenye sifa za faili hakuondoi tatizo. Kunaonyesha tu kwamba ulilijua.

Hatua ya 4: Zungumza na mwenye jina la zawadi

Hapa ndipo miongozo mingi ya vyuo inapokuwa bubu. Inasema "jina la zawadi halikubaliki" na kukuacha mbele ya mtu anayesaini fomu zako.

Tuanze na faida ya kumwambia ukweli, maana zawadi hiyo ina gharama kwa anayeipokea. Agosti 1994, jarida la uzazi na magonjwa ya wanawake la Uingereza lilichapisha taarifa ya Malcolm Pearce wa hospitali ya St George's, London: alidai kuihamisha mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, ikapandikizwa mahali pake na mtoto akazaliwa. Ilikuwa habari kubwa. Mwandishi mwenza alikuwa Geoffrey Chamberlain, mkuu wa idara yake, ambaye wakati huohuo alikuwa mhariri wa jarida hilo na rais wa chuo cha kifalme cha madaktari wa fani hiyo. Mgonjwa hakuwahi kupatikana kwa sababu hakuwahi kuwepo. Chamberlain alieleza kuwa hakushiriki kazi ile na kwamba kuweka jina la mkuu wa idara ilikuwa ni adabu ya kawaida. Alipoteza uhariri na urais. Pearce alifutwa kwenye rejesta ya madaktari mwaka 1995. Chamberlain hakughushi kitu. Alikubali heshima tu.

Sasa rudi kwetu. Kwenye vyuo vingi vyetu makala huhesabiwa pointi za kupandishwa cheo, na mwanafunzi anajua kwamba ndiye atakayehitaji barua ya mkuu wa idara mwezi ujao. Kumwambia "Profesa, hustahili" si ushujaa, ni kujitafutia balaa, na pia si lazima. Liache jedwali liseme. Mazungumzo yaende hivi:

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba. Ile makala imefikia wapi? Jina langu umeliweka nafasi ya ngapi?"

"Profesa, jarida lina fomu inayodai kila mwandishi aandikiwe kazi aliyofanya, na makala ikitoka maelezo hayo yanachapishwa pamoja nayo. Hili ndilo jedwali la timu. Naomba unisaidie, kwako niandike ipi?"

Kisha nyamaza. Mara nyingi mwenyewe ataangalia, acheke kidogo, aseme umweke kwenye shukrani. Akisema "andika usimamizi", una jibu la adabu pia: usimamizi wa jumla peke yake ICMJE haiutambui kama uandishi, na fomu itamtaka athibitishe kwamba ataijibia data ya vituo vyote vitatu. Wachache wanapenda kuijibia data wasiyoiona. Mpelekee shukrani iliyoandikwa vizuri, yenye cheo chake chote na kile alichowezesha hasa, mfano kutoa ofisi na gari la idara. Shukrani yenye maelezo humpendeza mtu kuliko inavyodhaniwa.

Vilevile Mganga Mkuu wa Wilaya. Aliruhusu timu kuingia vituoni, na ruhusa si utafiti. Lakini kama anapenda kushiriki kweli, mwalike makala ijayo wakati itifaki bado ni rasimu, kwa sababu yeye anajua kwa nini kituo kimoja hupokea vidonge vya madini ya chuma kwa kuchelewa kuliko vingine. Usimwalike baada ya uchambuzi ili "aongeze sentensi mbili". Kazi iliyobuniwa ili kuhalalisha jina ni zawadi ileile, imefungwa karatasi nyingine.

Ikishindikana kabisa, mpe msimamizi wako jukumu la kusema. Mwanafunzi asiachwe peke yake na mzigo huu, na msimamizi anayemwachia amejibu tayari swali la usimamizi wake ulikuwa wa aina gani.

Hatua ya 5: Andika taarifa yenyewe

Wazo la kutaja kazi ya kila mmoja lilipata nguvu mwaka 1997, Drummond Rennie na wenzake walipopendekeza katika jarida la JAMA kwamba neno "mwandishi" limechoka, na badala yake watajwe wachangiaji na kazi zao, pamoja na mdhamini anayesimamia ukweli wa kazi yote. Leo majarida mengi hutumia orodha ya CRediT yenye kazi 14, ambayo mwaka 2022 ilifanywa kiwango rasmi cha ANSI/NISO. Kwenye mfumo wa kutuma makala utaziona kama vibox vya kuweka tiki, na baadhi ya majarida huruhusu kuongeza kiwango: aliyeongoza, waliochangia sawa, aliyesaidia.

Kwa mfano wetu, herufi za majina zikiwa za kubuni, taarifa ingesomeka hivi:

```
A.J.: Conceptualization, Methodology, Data curation,
  Writing – original draft (lead)
B.M.: Conceptualization, Supervision, Writing – review & editing
C.K.: Methodology, Formal analysis,
  Writing – original draft (supporting)
D.N.: Investigation (lead), Validation, Data curation,
  Writing – review & editing
H.S.: Methodology, Funding acquisition,
  Writing – review & editing
```

A.J. ni mwanafunzi, B.M. msimamizi, C.K. mtakwimu, H.S. profesa wa ng'ambo, na D.N. ndiye muuguzi. Tazama `Validation`, yaani uthibitishaji: imetokana na ile mashine iliyokuwa ikidanganya. Aya ya mapungufu na kipengele hiki sasa vinathibitishana, na mpitiaji akiuliza, kuna mtu wa kumjibu. Mshauri wa uandishi yuko kwenye shukrani, kwa jina na malipo.

Kuna mtego mkubwa katika orodha hii. CRediT inaeleza nani alifanya nini. Haiamui nani ni mwandishi. Mtu anaweza kuwekewa tiki halali kwenye `Resources`, `Supervision` na `Funding acquisition` na bado asiwe mwandishi kwa masharti ya ICMJE. Wapo wanaoitumia kinyume: wanamtafutia mkubwa tiki mbili, kisha wanasema taarifa imethibitisha uandishi wake. Ukisoma makala ya wengine, safu za namna hiyo ndizo za kukodolea macho: jina lenye tiki tatu za utawala na hakuna hata moja ya data wala ya kuandika. Fuata mpangilio: masharti manne huamua nani anaingia, kisha CRediT inaeleza alichofanya.

Wala taarifa haipangi majina. Nani wa kwanza na nani wa mwisho ni makubaliano ya timu, na katika ushirikiano wa Afrika na nchi tajiri yanahitaji kuzungumzwa mapema, kwa kuwa watafiti wa hapa mara nyingi hujikuta wamebanwa katikati ya orodha, wenzao wakiwa kwenye ncha zote mbili. Na kuna nyanja ambazo jedwali hili halifui dafu: makala ya mwaka 2015 ya maabara ya CERN kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilikuwa na waandishi 5,154. Huko wana kanuni zao za uanachama, na ni mjadala mwingine.

Hatua ya 6: Sahihi, na pale mambo yanapobadilika

Taarifa ikishaandikwa, mtumie kila aliyetajwa, pamoja na walio kwenye shukrani, toleo la mwisho la makala yote na si mstari wake tu. Mwombe ajibu kwa maandishi kwamba mstari wake ni kweli na mistari ya wengine haina anayoipinga. Sehemu hii ya pili ndiyo yenye meno. Kila mtu hukubali anayoandikiwa yeye. Ugomvi uko kwenye walichoandikiwa wengine, na ni heri utokee kwenye baruapepe za ndani kuliko kwa mhariri.

Makala ikishatumwa, kuongeza au kutoa jina kunahitaji maelezo ya sababu na ridhaa ya maandishi ya waandishi wote, akiwemo anayeongezwa au anayetolewa. Jina jipya likichomoza siku chache kabla ya kuchapishwa humshtua mhariri yeyote makini, na anaweza kusimamisha mchakato mpaka kila mmoja ajibu. Baada ya kuchapishwa, njia ni sahihisho linalotangazwa na jarida.

Kama wewe ndiye uliyeachwa, anza na mwandishi wa mawasiliano, kwa maandishi na kwa upole, ukitaja kazi na ushahidi wake badala ya kutaja unavyojisikia. Usipojibiwa, nenda kwenye ofisi ya utafiti ya taasisi mlikofanyia kazi, halafu mjulishe mhariri. Usitegemee mhariri aamue nani alifanya nini, kwa kuwa ICMJE inasema wazi kwamba hiyo si kazi yake. Ataiandikia taasisi ichunguze. Taasisi nayo itauliza kama kuna maandishi ya wakati ule. Muhtasari wa kikao, toleo la itifaki lenye jina lako, na ujumbe ule wa sauti wenye tarehe ndivyo utakavyowapelekea, kwa hiyo uwe na nakala yako binafsi ya jedwali nje ya kompyuta ya mradi.